Muziki Ushuke Kabla Hajasema

Karatasi anayopewa fundi sauti mwishoni mwa kutengeneza filamu huwa fupi na kavu. Kushoto zimeandikwa dakika na sekunde, kulia zimeandikwa amri. "04:10, muziki ushuke kabla mama hajaanza kusema." "07:32, kunguru kakaa juu ya neno, ahamishwe." "11:05, mazingira yanakatika, pazibwe." "24:40, muziki wa majina umezidi." Na chini kabisa, kwa wino mwingine: "-23 LUFS, kilele kisizidi -1."

Kwa anayeiona mara ya kwanza, hiyo ni orodha ya masahihisho ya mwisho mwisho, kama kufuta vumbi baada ya nyumba kujengwa. Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba mambo mengi ya filamu bado yako wazi katika hatua hiyo. Picha imekwisha kukatwa na kupangwa, lakini kama mtazamaji aliye sebuleni, jiko likiunguruma na watoto wakicheza, atasikia kilichosemwa au ataambulia ngoma tu, hilo huamuliwa hapa.

Tuchukue filamu ya mfano: makala ya dakika 26 kuhusu soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Kuna mahojiano yaliyorekodiwa sokoni kwenyewe, msimulizi aliyerekodiwa studioni, muziki, na sauti za mahali: mnada, kunguru, honi ya kivuko cha Kigamboni, visu vinavyogonga mbao za kukatia samaki. Kila fungu liko kwenye mstari wake katika kompyuta. Kazi ya fundi, ambayo wenyewe wanaiita miksi, ni kuyafanya mafungu hayo yote yatoke kwenye spika moja bila moja kumkanyaga mwenzake.

Kabla ya kugusa muziki, fundi mzoefu huuzima. Huzima pia mazingira, akabaki na maneno peke yake, kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho, akiyasawazisha ili mama muuza samaki, dalali wa mnada na msimulizi wasikike kana kwamba wote wamekaa umbali uleule na msikilizaji. Katika kipindi hicho chote hagusi kitufe cha kuongeza sauti ya spika zake. Hilo ni sharti, si mazoea tu: akipandisha spika kwa sababu sehemu fulani ni hafifu, atakuwa ametibu chumba chake mwenyewe, na filamu itabaki na ugonjwa wake. Maneno yakishakaa sawa, hayo ndiyo kipimo. Vingine vyote vitapandishwa au kushushwa kwa kuyatazama hayo.

Hapa inafaa kueleza namba zenyewe. Katika mashine za kidijitali desibeli huhesabiwa kwenda chini. Sifuri ndiyo mwisho wa juu, na sauti ikijaribu kuuvuka hukatwa na kukwaruza. Kwa hiyo namba zote zina alama ya kutoa, na -20 ni sauti ndogo kuliko -10. Ukipunguza desibeli 10, masikio ya watu wengi huona sauti imepungua kama nusu.

Sasa muziki. Swali ambalo kila mwongozaji huuliza ni ushuke kiasi gani. Miongozo ya W3C kuhusu kuwarahisishia watu wenye ulemavu matumizi ya mtandao, katika daraja lake la juu kabisa, inataka sauti za nyuma ziwe chini ya maneno kwa desibeli zisizopungua 20, isipokuwa vishindo vya mara mojamoja visivyozidi sekunde moja au mbili. Kwenye filamu wengi hawafiki huko. Kwa filamu yetu ya Feri, desibeli 15 hadi 18 chini ya maneno ni mahali pazuri pa kuanzia: muziki bado unasikika kwamba upo, lakini hakuna anayelazimika kukaza shingo. Wenye usikivu hafifu, na hapa wamo wazee wengi, wangependelea zile 20.

Hata hivyo, kiasi si tatizo kubwa zaidi. Tatizo kubwa ni wakati.

Rudini kwenye amri ya kwanza, 04:10. Muziki umekuwa ukicheza peke yake kwa sekunde kadhaa, picha inaonyesha ngalawa zikiingia, kisha mama anatokea na kusema: "Sikuja hapa kutafuta utajiri, nilikuja kutafuta ada ya shule." Fundi wa kwanza alitumia njia ya haraka. Aliweka kompresa kwenye mstari wa muziki na kuiagiza isikilize mstari wa maneno, ili kila maneno yakitokea yenyewe iusukume muziki chini. Kifaa hicho kipo katika programu nyingi za sauti na kinafanya kazi kweli. Kasoro yake ni kwamba hakijui mama anataka kusema mpaka awe ameshasema. Kinasikia mwanzo wa sauti, ndipo kinaanza kushusha, na kushusha kwenyewe huchukua muda. Fundi aliweka muda huo uwe milisekunde 200, yaani sehemu ya tano ya sekunde, kwa kuwa ukiufanya mfupi zaidi muziki huporomoka ghafla na masikio hustuka.

Sehemu ya tano ya sekunde ni karibu urefu wa silabi moja ya mtu anayezungumza Kiswahili kwa mwendo wa kawaida. Na silabi ya kwanza ya kitenzi cha Kiswahili ndiyo iliyobeba mzigo. Humo ndimo anamokaa mtendaji, na humo ndimo kunamokaa kukanusha: nitauza au sitauza, alilipa au hakulipa. Zaidi ya hapo, mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ile ya kwanza mara nyingi hutamkwa kwa wepesi, bila nguvu. Muziki ukiwa bado juu wakati mama anatamka "si", mtazamaji anapokea "...kuja hapa kutafuta utajiri." Ujumbe umegeuka kinyume, na hakuna aliyedanganya.

Ndiyo maana karatasi haikusema "muziki ushuke mama akisema." Ilisema ushuke kabla. Dawa ya uhakika ni mkono: fundi anachora mstari wa kushusha muziki kuanzia nusu sekunde hadi sekunde nzima kabla ya neno la kwanza, ili mama anapovuta pumzi njia iwe imeshasafishwa. Masikio hayaoni ajabu yoyote. Kinyume chake, muziki unapoanza kunywea, mtazamaji hujiandaa mwenyewe kwamba mtu atasema.

Kwa filamu yenye mahojiano mengi kuna ujanja wa kupunguza kazi ya mkono. Fundi hutoa nakala ya mstari wa maneno, huisogeza mbele kwa nusu sekunde ili itangulie, kisha huielekeza kwenye kompresa peke yake bila kuiruhusu itoke kwenye spika. Kompresa sasa inasikia maneno kabla ya mtazamaji kuyasikia. Muziki unashuka kwa wakati, na ile silabi ya kwanza inapona.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ni kupanda. Mama akimaliza sentensi na kunyamaza sekunde moja akitafakari, kompresa iliyoachiwa haraka huurudisha muziki juu, kisha huushusha tena anapoendelea. Baada ya mahojiano ya dakika mbili muziki unakuwa umepanda na kushuka mara nyingi, na mtazamaji anachoka bila kujua kinachomchosha. Mafundi husema muziki unahema. Dalili yake ni rahisi kuigundua: sikiliza muziki tu na usijali maneno, na kama unaweza kujua mama alipomeza mate, basi unahema. Kanuni inayofaa kwa Feri ni kwamba kimya kisichofika sekunde tatu hakistahili kujazwa. Muziki ubaki chini mpaka mazungumzo yaishe kweli.

Wakati mwingine muziki umeshushwa vya kutosha na bado maneno hayatoki. Hapo kosa liko kwenye uteuzi wa ala. Konsonanti kama s, f, ch na t, zinazotofautisha neno na neno, hupata uwazi wake zaidi kati ya hezi 1,000 na 4,000 na kwenda juu. Fidla na akodiani hujaa humohumo, ndiyo maana wimbo wa taarabu uliorekodiwa vizuri unaweza kumfunika msimulizi hata ukiwa mdogo, ilhali besi na ngoma nzito zikiwa na nguvu ileile zinampisha. Fundi anaweza kuchonga nafasi kwa kupunguza desibeli tatu hivi za muziki katika eneo hilo, pale tu ambapo mtu anazungumza. Ikiwa wimbo una mtu anayeimba kwa Kiswahili chini ya mtu anayezungumza Kiswahili, hakuna cha kuchonga. Akili ya msikilizaji itakwenda huku na huko ikijaribu kuwaelewa wote wawili. Wimbo wenye maneno upelekwe mahali ambapo hakuna anayesema.

Mtu anaweza kujiuliza inakuwaje waongozaji wenye akili timamu wapitishe muziki unaomeza maneno. Sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kukaa chumba cha uhariri. Kufikia siku ya miksi, mwongozaji ameisikia sentensi ya mama mara nyingi mno. Anaijua kwa moyo. Hata ikifunikwa kabisa, kichwa chake kitaijaza, na ataapa kwamba ameisikia. Hili halijali ukubwa wa shirika. Mwaka 2011 BBC ilirusha mfululizo kuhusu ulimwengu na nyota uliosimuliwa na mwanafizikia Brian Cox, na watazamaji wakalalamika kwamba muziki unamzidi msimulizi. BBC ilikubali na kuichanganya upya sauti ili muziki ushuke. Cox mwenyewe hakupendezwa, kwani aliona kipindi hicho kinapaswa kuwa na uzito wa sinema. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, lakini anayekitazama kipindi sebuleni hana spika za sinema, na kwa maoni ya mwandishi huyu hoja ya sebule ndiyo nzito zaidi. Njia ya bei nafuu ya kuepuka mtego huo ni kumleta mtu ambaye hajawahi kuiona filamu, asikilize bila kutazama picha, kisha aulizwe mama alisema nini. Akijibu "alikuja kutafuta utajiri," kazi haijaisha.

Amri ya pili na ya tatu zinahusu mazingira, na hapa wengi hukosea kwa kuyadharau. Sauti za mazingira ni zile ambazo hakuna anayezisikiliza mpaka zinapokatika. Mahojiano ya mama yalirekodiwa sokoni asubuhi, mnada ukiwa umepamba moto nyuma yake. Mhariri alikata maneno yasiyohitajika na kuunganisha sentensi ya dakika ya kwanza na ya dakika ya tisa. Picha imefichwa kwa kuonyesha samaki, na maneno yameungana vizuri. Lakini nyuma ya maneno mnada uliokuwa mkubwa umekuwa mdogo ghafla, kisha mkubwa tena. Hicho ndicho kinachotokea 11:05. Mtazamaji hawezi kusema kuna nini, ila anahisi amechezewa.

Kinachoziba pengo hilo lazima kiwe kilirekodiwa siku ileile. Mtu wa sauti aliyemakini, mahojiano yakiisha, huomba watu wanyamaze wakiwa wamesimama pale pale, na kinasa sauti palepale, kwa dakika moja. Harekodi chochote ila mahali penyewe. Dakika hiyo hutandikwa chini ya mahojiano yote, na kila palipokatwa sauti mbili hupishana taratibu kwa sehemu ya sekunde badala ya kugongana. Studioni nako kuna sauti yake. Chumba chochote kina mvumo, na msimulizi aliyekatwa na kuachwa na utupu mtupu kati ya sentensi husikika kama simu iliyokatika. Dakika moja ya chumba kitupu hutatua hilo.

Kiasi cha mazingira hutegemea kama yana kazi ya kusimulia. Filamu inapofunguka na soko lionekane lote, mazingira yanaweza kusimama wima, karibu -28 au -30, kwa sababu hayo ndiyo yanayozungumza. Mama anapoanza kusema, yashuke hadi karibu -42, yakae hapo kama pumzi. Yasishushwe mpaka yafe, maana yakifa mama ataonekana amehamishwa kutoka Feri akapelekwa ndani ya kabati.

Yale yaliyoingia kwenye kinasa sauti pamoja na maneno ni shauri jingine. Hayashushwi peke yake. Zipo programu za kusafisha kelele, nazo husaidia kidogo zikitumiwa kidogo. Zikikazwa, sauti ya mama hubaki na mlio wa maji maji, kama anayeongea ndani ya mtungi, na konsonanti zilezile tulizokuwa tunaziokoa hupotea. Ni bora kelele kiasi kuliko hivyo.

Kunguru wa 07:32 anahitaji jicho la karibu. Kunguru wa Dar es Salaam hawakosi katika rekodi yoyote ya nje, na mlio wao mkali unaangukia eneo lilelile la usikivu wa maneno. Kama kunguru yule yuko kwenye mstari wa mazingira, fundi humkata alipo na kumpeleka nusu sekunde mbele, kwenye kituo cha sentensi. Soko linabaki na kunguru wake na neno linabaki na nafasi yake. Adhana haihamishiki hivyo. Inajulikana neno kwa neno, kwa hiyo mahojiano yaliyorekodiwa wakati wa adhana yakikatwa, kila Mwislamu atasikia imeruka. Ama sehemu ile ya mahojiano iachwe bila kukatwa, ama mahojiano yasubiri adhana iishe, jambo ambalo kwa heshima lilipaswa kufanywa tangu mwanzo. Redio ya kibanda cha jirani ina tatizo hilohilo, na juu yake kuna la hakimiliki: mfumo wa YouTube wa kutambua nyimbo unaweza kuudaka wimbo uliokuwa ukisikika kwa mbali tu.

Imebaki ile namba ya chini, -23 LUFS, ambayo huwatisha watu kuliko inavyostahili.

Zamani vituo vya televisheni vilipima kilele, yaani sauti inafika juu kiasi gani. Watengeneza matangazo wakagundua haraka kwamba unaweza kuibana sauti mpaka kila sekunde ikae karibu na kilele bila kukivuka. Tangazo la sabuni likawa linapiga kelele maradufu ya tamthilia iliyolitangulia, na kwenye karatasi yote mawili yalikuwa halali. Mwaka 2006 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulitoa kipimo kipya kilichojaribiwa kwa wasikilizaji. Hakipimi kilele, bali ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyouhisi: hupunguza uzito wa besi, huongeza kidogo uzito wa sauti za juu, kisha hutoa wastani wa kipindi chote. Mwaka 2010 Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, EBU, ukatumia kipimo hicho kutoa kanuni yake R 128: kipindi kiwe na wastani wa -23 LUFS. Marekani mwaka huohuo ilipitisha sheria ya kuzuia matangazo yanayopiga kelele kuliko vipindi, na lengo lao ni -24. Tofauti ya LUFS moja ni sawa na desibeli moja.

Kuhusu wastani, jambo la kulijua ni kwamba kimya hakiingii kwenye hesabu. Kipimo hutupa sehemu zilizo hafifu mno, pamoja na zile zilizo chini ya wastani kwa zaidi ya vipimo 10. Kwa hiyo mtu hawezi kuongeza dakika nne za bahari tulivu ili apate ruhusa ya kupiga kelele kwingine. Sauti kubwa, kwa upande wake, inaingia yote, na ina nguvu ya kushangaza.

Filamu ya Feri ilipopimwa mara ya kwanza, kwa amri ya bure ambayo kompyuta yoyote inaweza kuiendesha, ilikuwa hivi:

```
ffmpeg -i feri_miksi1.wav -af ebur128=peak=true -f null -
```

Jibu lilikuwa:

```
I:         -20.4 LUFS
```

Imezidi kwa 2.6. Anayeanza kazi angeshusha filamu nzima kwa desibeli 2.6, namba ikakaa sawa, akaenda kulala. Lakini fundi alikuwa ameyasawazisha maneno tangu mwanzo yasimame kwenye -23, kwa hiyo ziada haikutoka kwa mama wala kwa msimulizi. Akapima vipande. Dakika 23 za filamu zilikuwa kwenye -23 kama alivyoziacha. Dakika tatu zilizobaki, yaani muziki wa ufunguzi na ule wa majina mwishoni, zilikuwa kwenye -14. Dakika tatu kati ya 26 zilikuwa zimeivuta filamu nzima juu, kwa sababu kila desibeli 10 zinazoongezeka ni nishati mara kumi, na kipimo hufanya wastani wa nishati. Kama angeshusha kila kitu, maneno yangeangukia -25.6, mtazamaji angepandisha sauti ya televisheni ili amsikie mama, na muziki wa majina ungemlipukia mwishoni.

Kilichofanyika ni kushusha zile dakika tatu peke yake, kutoka -14 hadi -21. Kipimo kikasoma -22.7. Kanuni inaruhusu kupungua au kuzidi kwa 0.5, lakini hakukuwa na sababu ya kuacha hivyo. Filamu nzima ikashushwa 0.3, ikakaa -23.0. Muziki wa ufunguzi bado ni mkubwa kuliko maneno kwa desibeli mbili. Ufunguzi umebaki na shamrashamra yake bila kumfukuza mtu kwenye kochi.

Kilele nacho kilitazamwa. R 128 inataka kisizidi -1, wala si sifuri, kwa sababu sauti inapobanwa ili isafiri kwa setilaiti au simu, mawimbi yake hubadilika kidogo na kilele kinaweza kupanda kuliko kilivyopimwa. Kwenye Feri kilele cha juu kabisa kilikuwa pigo la kisu kwenye ubao, -5.2. Hakukuwa na tatizo.

Tatizo huja pale filamu hiyohiyo inapopelekwa YouTube, ambako watazamaji wetu wengi wako. YouTube hushusha video zinazozidi takriban -14 LUFS, lakini zilizo chini ya hapo haizipandishi. Filamu ya -23 ikifuata baada ya video ya muziki itasikika kama imezimwa nusu, maana tofauti ni desibeli tisa, na spika ya simu haina nguvu ya kuifidia. Kwa hiyo hutengenezwa toleo la pili. Wengine hulipeleka moja kwa moja -14. Kwa filamu ya mazungumzo -16 inatosha, na ndiyo namba ambayo Apple huwapendekezea watengeneza podikasti. Kupandisha kutoka -23 hadi -16 ni kuongeza desibeli saba, na lile pigo la kisu sasa lingefika +1.8, mahali pasipokuwepo. Kikomo cha sauti huwekwa mwishoni kikishika kila kitu kwenye -1, na kwa kuwa kinagusa mapigo machache tu ya visu na kelele za dalali kwa desibeli 2.8, hakuna atakayejua. Kingekuwa kinabana wakati wote, maneno yangeanza kusikika bapa na kuchosha.

Baada ya hapo matoleo yote mawili husikilizwa kwenye vifaa vya watu. Televisheni ndogo kwanza, kisha simu ya kawaida yenye spika moja, ambako besi hupotea kabisa na sauti za kulia na kushoto hulazimishwa kuwa moja. Muziki uliopanuliwa mno pande mbili unaweza kujifuta wenyewe hapo, ukabaki mkia tu. Kipimo kingine hakihitaji kifaa: sauti ishushwe mpaka ibaki kidogo sana, karibu na kuzimika. Kitu cha mwisho kusikika kinapaswa kuwa maneno. Kikiwa ni kinanda, fundi anarudi 04:10 na kuanza tena.

Mwisho wa kazi, mwenye filamu asipokee faili moja tu lililokwisha kuchanganywa. Adai pia mafungu yake: maneno peke yake, muziki peke yake, mazingira na vishindo peke yake, kila moja likiwa na dakika 26 kamili kuanzia sifuri, yakichezwa pamoja yarudi kuwa miksi ileile. Televisheni ya Bujumbura ikitaka kuweka msimulizi wa Kifaransa, au mwenye wimbo wa ufunguzi akiondoa ruhusa yake mwaka ujao, litabadilishwa fungu moja na mengine yatabaki yalivyo, kunguru na kisu vikiwemo.